Kabla ya kusema urea ni feki, chimba shimo

Kila mwaka, mvua za Aprili zikikolea huku Bweyale, Uganda, malalamiko ni yale yale: mahindi yamekuwa ya njano, basi mwenye duka ametuuzia mbolea feki. Mbolea feki zipo, sikatai. Lakini mara nyingi mbolea ilikuwa halali kabisa, ikafanya kazi yake vizuri, kisha ikashuka chini kuliko mizizi ilipofika.

Msimu uliopita mzee jirani yangu aliniita shambani kwake. Alipanda mwishoni mwa Machi, ekari moja kwenye mteremko wa udongo wa kichanga, akatia mfuko mzima wa urea wa kilo 50 siku chache tu baada ya kupanda. Wiki ya tano majani ya chini yalikuwa yameanza kuungua. "Mwanangu," akaniambia, "hii si urea, hii ni chumvi." Gunia lilikuwa limebaki na gao moja hivi. Nikamwomba glasi ya maji, nikatia vijiko viwili, nikakoroga, nikampa aishike. Urea ikiyeyuka hunyonya joto, kwa hiyo glasi hupoa sana mkononi. Chumvi ya kula hupoza kidogo sana. Punje ziliyeyuka zote, maji yakabaki meupe bila mchanga chini, na glasi ilikuwa baridi kama imetoka kwenye friji. Akanyamaza kidogo. "Sasa imeenda wapi?"

Kwanza tuangalie urea inapitia nini. Ikishalowa udongoni, kimeng'enya kinachoitwa urease, ambacho kimejaa kwenye udongo wowote wenye uhai, huivunja kuwa amoniamu, NH4+. Kwenye joto letu kazi hii huchukua siku chache tu. Angalia ile alama ya kujumlisha: amoniamu ina chaji chanya, na mfinyanzi na mboji vina chaji hasi, kwa hiyo huishikilia. Naitrojeni ikiwa katika hali hii, mvua haiwezi kuihamisha kirahisi.

Tatizo ni kwamba haikai hivyo. Udongoni kuna vijidudu vinavyopata nguvu zao kwa kuunguza amoniamu kwa oksijeni, kama sisi tunavyounguza ugali. Kundi la kwanza, ambamo Nitrosomonas ndiyo maarufu, huigeuza kuwa nitriti, NO2-. Kundi la pili, akina Nitrospira, huipokea nitriti haraka na kuifanya nitrati, NO3-, ndiyo maana nitriti huwa haionekani kurundikana shambani. Ukiunganisha hatua zote mbili unapata hivi:

```
NH4+ + 2 O2 -> NO3- + 2 H+ + H2O
```

Vijidudu hivi vinapenda joto la nyuzi 25 hadi 30, unyevu wa kutosha bila maji kutuama, na udongo usio mchachu sana. Huo ndio udongo wetu wa Aprili. Katika hali hiyo, wiki mbili hadi tatu zinatosha sehemu kubwa ya amoniamu kuwa nitrati. Kwenye udongo mchachu sana au uliojaa maji kazi hupungua au husimama.

Mmea unaipenda sana nitrati, kwa hiyo kugeuka kwenyewe si hasara. Ila sasa alama imekuwa ya kutoa. Mfinyanzi wenye chaji hasi hauishikilii, nayo hukaa ndani ya maji ya udongo na kwenda yanakokwenda maji.

Turudi kwa mzee. Wiki ya nne ilinyesha mvua kubwa mara tatu. Mimi napima mvua kwa kopo lenye pande zilizonyooka na rula ya mtoto wa shule, na kila moja ilikuwa karibu milimita 40. Udongo ulikuwa tayari umeshiba. Udongo wa kichanga kama wake ukishiba hubeba maji takriban asilimia 20 ya ujazo wake. Maji mapya yanayoingia husukuma ya zamani chini, na hesabu ya haraka ni kugawa mvua kwa kiasi hicho: 40 gawanya kwa 0.20 ni milimita 200, yaani sentimita 20 kwa kila mvua. Mvua tatu, sentimita 60. Kuna maji yaliyotiririka juu ya mteremko na mengine yaliyonyonywa na mimea, kwa hiyo punguza kidogo. Hata ukipunguza, mizizi mingi ya mahindi ya umri ule ilikuwa bado kwenye sentimita 30 za juu. Kwenye udongo mzito unaobeba asilimia 35, kila mvua kama hiyo ingeshusha nitrati kama sentimita 11 tu, zote tatu kama 34 kabla ya kupunguza, na pengine mzee asingeniita.

Hesabu ni hesabu, ila nilitaka tuone. Tulichimba shimo la kufika kiunoni katikati ya mistari, tukachukua udongo wa sentimita 20 za juu na mwingine kutoka kama sentimita 60. Kila sampuli nikaiweka kwenye chupa safi, kipimo kimoja cha udongo kwa viwili vya maji, tukatikisa sana, tukaacha itulie na kuchuja kwa kitambaa cheupe. Halafu nikachovya vile vijikaratasi vya kupima nitrati ambavyo wafugaji wa samaki hutumia. Usisahau kuchovya kimoja kwenye maji matupu uliyotumia, kwa sababu visima vingine vina nitrati yake na vitakudanganya. Baada ya dakika moja, cha maji matupu kilikuwa cheupe, cha udongo wa juu kilikuwa na waridi ya kukisia tu, na cha chini kikawa waridi iliyokolea. Kwa njia hii huwezi kusema ni kilo ngapi kwa ekari, lakini kulinganisha juu na chini inatosha. Mzee alishika kile cha chini muda mrefu kuliko glasi ya baridi.

Majani yenyewe pia yanasema. Njaa ya naitrojeni huanza kwenye majani ya chini, njano ikitoka kwenye ncha na kufuata mshipa wa kati kwa umbo la V, kwa sababu mmea unahamisha naitrojeni kutoka majani ya zamani kulisha mapya. Njano ikianza kwenye majani machanga ya juu, tafuta sababu nyingine, pengine salfa. Na kama shamba lako ni bondeni kwenye mfinyanzi na maji yametuama, njano ni ile ile lakini njia ya hasara ni nyingine: oksijeni ikiisha, vijidudu vingine hutumia nitrati badala yake na kuirudisha hewani kama gesi. Huko ukichimba hutaikuta juu wala chini. Dawa ya hapo ni mifereji kwanza, mbolea baadaye.

Tulichofanya kwa mzee: alinunua nusu mfuko, tukasubiri mvua zipungue na udongo uwe na unyevu tu, tukaitia kando ya mistari, sentimita 10 hadi 15 kutoka shinani, kina cha kama sentimita 5, tukafukia. Mahindi yalikuwa bado hayajatoa mbelewele, kwa hiyo hatukuchelewa kabisa. Majani yaliyokwisha kuungua hayarudi kuwa kijani, usiyaangalie hayo. Angalia yanayochipua juu. Yalikolea ndani ya wiki moja hivi. Mavuno hayakuwa kama ya shamba lililolishwa kwa wakati, na mzee mwenyewe alilijua hilo kabla hajavuna.

Ushauri wangu kwa udongo wa kichanga ni huu: wakati wa kupanda tia DAP, ambayo ina naitrojeni kidogo (asilimia 18) na fosforasi ya kukuza mizizi. Urea igawe. Theluthi moja wiki ya tatu hivi, mimea ikiwa inakaribia magoti, na iliyobaki wiki ya tano au ya sita, mahindi yanapoanza kunyanyuka kwa kasi. Ndipo yanapokula naitrojeni nyingi kuliko wakati wowote, na nitrati inayozaliwa inakuta mdomo ulio wazi. Mfuko ni ule ule wenye kilo 23 za naitrojeni. Unabadilisha kalenda tu.

Kuna watu husubiri wingu jeusi ndipo wamwage urea, eti mvua iizike. Mvua ndogo, sawa, tena ni nzuri, kwa sababu urea iliyoachwa juu ya udongo wenye unyevu kidogo hupotea hewani kama amonia. Lakini urea ambayo haijavunjwa haina chaji kabisa, haishikwi na chochote, na mvua kubwa ya siku ya kwanza inaweza kuishusha kabla hata haijawa amoniamu. Ifukie kwa mkono, usiiachie mvua kazi yako. Na mbolea ya CAN msiione kama kinga: karibu nusu ya naitrojeni yake ni nitrati tangu inatoka kwenye gunia. Ninaipenda pale mmea umeshikwa na njaa na mvua zimetulia, si katikati ya masika. Samadi ya kuku nayo, ikishaoza, hupita njia ile ile.

Kuna naitrojeni nyingine ya bure ambayo wengi tunaipoteza kila Machi. Udongo uliokauka Desemba hadi Februari ukilowa kwa mvua za kwanza, vijidudu huamka kwa kishindo na kuozesha mboji nyingi kwa siku chache, kisha nitrati hujaa. H. F. Birch alilieleza jambo hili mwaka 1958 akifanya kazi Muguga, Kenya, na hadi leo linaitwa kwa jina lake. Anayepanda mvua zikianza tu, mizizi yake inaikuta. Anayengoja wiki tatu "mvua zikubali" anaikuta imeshuka.

Hasara ya nitrati haiji peke yake pia. Rudi kwenye ile fomula: kila amoniamu inayogeuka huacha H+ mbili, yaani uchachu. Mmea ukinywa nitrati hurudisha sehemu ya usawa huo. Nitrati ikioshwa, uchachu unabaki juu, na njiani huwa imeondoka na kalisi na magnesi. Kwa hiyo shamba linalomwagiwa urea yote mapema kila msimu huchachuka haraka zaidi.

Kuhusu ile iliyofika chini: kwenye udongo wetu mwekundu wa zamani, tabaka la chini lililo chachu huwa na chaji chanya kiasi, hivyo nitrati huenda polepole na inaweza kukaa pale muda fulani. Mahindi hayaifikii. Mbaazi, zile wenzetu wa kaskazini wanaita lapena, mizizi yake hushuka mita moja na zaidi. Mzee amezipanda katikati ya mistari ya msimu huu. Majani yakidondoka atayaacha palepale, asiyachome.