Mkumbushe mdhamini wako kabla simu haijaita

SWALI LA WIKI: "Tangazo la kazi linataka majina ya wadhamini watatu na namba zao za simu. Nimwombe nani, na nimpe nini ili akipigiwa anisemee vizuri?"

Naandika kutoka upande wa anayepigiwa simu. Nimesimamia ghala hapa Tanga kwa miaka mingi, na vijana waliopita mikononi mwangu wameniandika kwenye maombi yao mara nyingi. Wengi walipata kazi. Mmoja aliikosa kwa sababu yangu, na kisa chake ndicho kilichonifundisha haya ninayoyaandika.

Kijana huyo alikuwa karani wa ghala chini yangu kwa miezi 14. Mchapakazi, mkweli, mkataba ulipokwisha tukaagana vizuri. Ikapita miaka miwili. Asubuhi moja niko Sahare, nimeinamia fungu la changu napatana bei, simu ikaita. Namba ngeni. Dada mmoja akajitambulisha kwa heshima, akaniuliza kama namfahamu mtu fulani, akataja majina matatu. Nikamjibu simfahamu.

Sikusema uongo. Ghalani kila mtu alimwita Dogo. Majina yale matatu yalikuwa ya kwenye vyeti, na mimi niliyaona siku aliyoletwa, basi. Yule dada alipofafanua nikamkumbuka, lakini jibu la kwanza lilikwisha kutoka. Akauliza alifanya kazi tangu lini hadi lini. Nikasema "kama mwaka hivi." Kazi yake ilikuwa ipi? "Alikuwa anasaidia stoo." Alifanya nini hasa kizuri? Nikasema ni kijana mzuri, ana adabu. Mwenye samaki ananihimiza nitoe pesa, jua linanichoma, na maneno mengine hayaji. Simu ilikatika baada ya dakika tatu hivi.

Jioni ndiyo nilikumbuka yote niliyotakiwa kusema, na yalikuwa mengi. Hebu jiweke kwenye kiti cha yule dada. Mdhamini hamjui mtu wake kwa jina. Wasifu unasema miezi 14, mdhamini anasema kama mwaka. Wasifu unasema karani wa ghala mwenye dhamana ya leja, mdhamini anasema alikuwa anasaidia stoo. Kwa mwajiri, hizo ni dalili za wasifu uliotiwa chumvi. Dogo hakutia chumvi hata punje moja. Alichokosea ni kuniandika bila kuniambia.

Kwa hiyo anza kwa kuomba, na uombe kila unapotuma maombi mapya. Ruhusa aliyokupa mwaka juzi ilikuwa ya kazi ile ya mwaka juzi. Huenda amebadili namba, amehama, au yumo kwenye msiba wiki hiyohiyo utakayomtaja.

Ukimwomba, mweleze kwanza neno lenyewe. Kwetu "mdhamini" ni mtu anayeweka nyumba yake rehani kwa mkopo wa mwenzake, au anayesimama mahakamani kumtoa mtu kwa dhamana. Nimeona mzee wa watu, mwalimu mstaafu, akikataa kijana asimwandike kwa kudhani kijana akiiba kazini yeye ndiye atakayelipa. Mwambie wazi kwamba hatasaini deni wala hatalipa chochote. Ataulizwa tu alichokiona ukifanya kazi, na atajibu ukweli.

Halafu kuna jambo letu sisi watu wa pwani, ambalo kijana asipolijua litamuumiza. Mtu mzima hapa hakwambii "sitaki" usoni. Atakwambia "we andika tu," au "inshallah, tutaona." Usiihesabu hiyo kuwa ni ridhaa. Anayekukubali kweli atakuuliza maswali: kazi gani, wapi, watapiga lini? Ili usimbane, mpe mlango wa kutokea. Mtumie ujumbe siku mbili kabla hujaenda kwake, useme: "Nataka kuomba kazi ya stoo, na wewe uliiona kazi yangu. Kama unaona yupo anayenifahamu zaidi, nielekeze kwake." Akikuelekeza kwa mwingine, mshukuru, uende. Amekukatalia kwa adabu, na amekuepusha na maneno ya nusunusu yatakayokuponza baadaye.

Nani wa kumwomba? Aliyesimama karibu na kazi yako. Wengi wanakimbilia cheo: diwani, mheshimiwa fulani, mjomba aliye serikalini. Mwajiri akimuuliza diwani ulivyokuwa unafunga hesabu za mwisho wa mwezi, diwani atasema unatoka familia nzuri. Msimamizi wako wa zamu, asiye na ofisi wala kadi ya jina, ana mengi zaidi ya kusema. Na ndugu muache kabisa, hata kama mlifanya kazi pamoja; majina ya ukoo yakifanana tu, maneno yake yanapungua uzito.

Sasa nirudi kwa Dogo, maana mwaka uliofuata alikuja tena, na safari hii alijua la kufanya. Alipiga simu kwanza, kisha akaja nyumbani alasiri. "Shikamoo, Mama." Nikamjibu marahaba, tukakaa barazani. Akatoa karatasi mbili. Moja ilikuwa tangazo la kazi, karani wa stoo kwenye kiwanda kimoja, na alikuwa amepigia mstari sehemu mbili: kutunza leja na kuhesabu mali. Nyingine ilikuwa upande mmoja tu wa karatasi, imeandikwa kwa mkono.

Juu kabisa majina yake matatu kama yalivyo kwenye vyeti, na pembeni: "ghalani mliniita Dogo." Chini yake tarehe ya kuanza na tarehe ya kumaliza, na cheo, neno kwa neno kama alivyoandika kwenye wasifu. Tarehe alizitoa kwenye cheti cha utumishi. Ninyi ambao kazi zenu zimekoma mkaondoka mikono mitupu, mjue kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 44, inamtaka mwajiri atoe cheti hicho ajira inapokoma. Kidaini, kwa sababu kumbukumbu ya tarehe humpotea mtu kuliko kitu chochote.

Baada ya hapo aliandika mambo matatu tu tuliyoyafanya pamoja. La kwanza ndilo lililonifungua kichwa. Aliandika: "Hesabu ya mwezi wa saba, upungufu wa magunia 37." Hapohapo nikaiona siku ile. Leja ilisema magunia yapo, sakafuni hayapo, na tayari watu walishaanza kumtazama mlinzi kwa jicho baya. Dogo ndiye aliyekaa na mimi mpaka usiku, akachukua hati za mapokezi moja baada ya nyingine na kuzilinganisha na leja, akakuta shehena moja imeingizwa mara mbili: mara ya kwanza kwa hati yenyewe, mara ya pili kwa nakala yake. Magunia hayakuibiwa, hayakuwahi kuwapo. Tangu siku hiyo akaanzisha mtindo wa kugonga muhuri kila hati ikishaingizwa, na kosa lile halikurudi.

Ona tofauti. "Ni mwaminifu na makini" ni sifa ambayo hata mtu asiyekujua anaweza kuitoa. Habari ya magunia 37 anaweza kuisimulia aliyekuwapo tu, na mwajiri anayesikiliza analijua hilo. Kazi ya karatasi ni kumrudisha mdhamini kwenye tukio aliloliona kwa macho yake, kisha atasimulia kwa maneno yake. Mstari mmoja kwa kila tukio unatosha. Yupo kijana mwingine aliwahi kuniletea kurasa mbili za maneno ya kusema, "Mama, ukiulizwa hivi jibu hivi." Maneno yale yalikuwa yaleyale ya barua yake ya maombi. Ningeyasoma, mpigaji angesikia barua ikijibu badala ya mtu. Nilimrudishia.

Mstari wa mwisho wa karatasi ya Dogo ndio ulionigusa. Aliandika: "Udhaifu wangu: kuchelewa Jumatatu." Kweli alikuwa akichelewa. Kwao ni Bweni, ng'ambo ya mto Pangani. Mwisho wa juma alikuwa akienda kwa mama yake, Jumatatu alfajiri anasubiri pantoni, kisha gari la kuja Tanga. Mara tatu alifika saa mbili na nusu badala ya saa moja na nusu. Nilimwita tukazungumza, na baada ya hapo akawa anarudi Jumapili jioni. Tukakubaliana pale barazani kwamba nikiulizwa udhaifu wake nitasema hilo, lote, pamoja na lilivyokwisha. Wapigaji karibu wote huuliza udhaifu. Mdhamini akisema hana hata mmoja, haaminiki hata kwenye sifa alizotaja mwanzo. Na kama kosa lako halijakwisha, au uliondoka kwa ugomvi, lizungumzeni kabla, kwa sababu hatadanganya kwa ajili yako na hupaswi kumwomba adanganye. Hapo huenda ukaona heri umwombe mwingine.

Akaniuliza pia saa gani napatikana, akaandika kwenye fomu karibu na namba yangu: baada ya saa kumi jioni. Siku aliyoitwa kwenye usaili alinitumia ujumbe wenye jina la kiwanda, ili namba ngeni ikiita nisiiache.

Simu ilikuja siku ya tatu, saa kumi na nusu. Nilikwenda chumbani, nikafunga mlango, karatasi mapajani. Alitaja majina matatu, nikasema namfahamu, nilikuwa msimamizi wake. Tarehe, cheo, vyote vikalingana. Nikamsimulia magunia. Nikamweleza Jumatatu na pantoni. Mwisho akaniuliza swali ambalo wapigaji wazoefu hulihifadhi mpaka mwisho: ungepewa nafasi, ungemwajiri tena? Hapo husikilizwa jibu, na husikilizwa pia kimya kinachotangulia jibu. Mdhamini aliyepigiwa ghafla husita kwa sababu anakumbuka, na kusita kwake huonekana kama shaka. Mimi nilikuwa nimekwisha kumkumbuka Dogo tangu siku ile ya barazani. Nikasema, "Hata kesho."

Wiki ya pili akanipigia mwenyewe kunieleza kwamba amepata. Wengine hawarudi kusema, wamepata au wamekosa, na siku wakija tena mtu anakuwa mzito. Karatasi yake bado ipo ndani ya daftari langu la vikoba. Mwezi uliopita alinipigia tena, anaomba nafasi ya juu zaidi hukohuko kiwandani, akaniambia, "Mama, ile karatasi ichane, nakuletea mpya."

Msomaji wenu, Makorora, Tanga