Neno la kuja utalijua kwa mp, nt na nk

Juzi msomaji kanitumia meseji, anasema kampuni ni neno letu la Kibantu kabisa, eti lina "mp" kama mpira. Swali tamu hili, maana ndo hilo hilo nililobishana na mwalimu mmoja chuoni, akasema mbele ya darasa zima kwamba kutambua neno kwa sauti ni ramli. Mpaka leo inaniuma, kwa sababu nilikuwa sahihi.

Wengi mnajua daktari, taksi na lifti zimekuja toka lugha nyingine, maana konsonanti zimebanana. Mnajua pia hatupendi neno liishie konsonanti, ndo maana kitab ya Kiarabu tukaipa u ikawa kitabu. Hizo sikai nazo, nataka mshike ya m na n.

Mi ilinifungukia Kampala, naenda sokoni kununua kuku, wenyewe kwa Kiganda wanasema enkoko, kima wanamwita enkima, mtu ni omuntu. Nikawaza, mbona wao wana nk na nt halafu sisi hapo n haipo? Jibu ni kwamba Kiswahili kiliiangusha n zamani mbele ya k, t na p, ikabaki pumzi tu ambayo kwa watu wa pwani bado unaisikia wakitamka kuku. Mbele ya b, d na g haikuguswa, ndo maana tuna kamba, punda, nguo. Kwa hiyo ukikuta mp, nt au nk katikati ya neno, shuku mara moja: kampuni, pampu, senti, binti, benki, tanki, zote zimeingia huo mchezo ukiwa umeshaisha.

Sasa mpira je? Weka wingi, mipira. Umeona m imekuwa mi, pira imebaki pale pale, kwa hiyo m ile ni kiambishi tu na haihesabiwi. Kampuni huwezi kuichomoa m. Jamani kabla hujahukumu neno toa kiambishi kwanza, wengi mnaruka hapa! Chukua mstari, wingi mistari, toa m, bado st imebanana, basi limekuja, ni la Kiarabu. Amka nayo inadanganya, ina mk lakini zamani ilikuwa amuka, u ndo imeanguka, ni letu. Nta na nchi zimebaki na n kwa sababu shina ni silabi moja, ukiitoa neno linakuwa fupi mno.

Na msitumie kipimo hiki kusafisha neno. Meza ni ya Kireno na inapita kila mtihani, silabi zote wazi, hakuna kilichobanana. Sauti inakwambia hili limekuja, haikwambii hili ni letu, hapo lazima ukatafute ndugu zake kwenye lugha jirani kama nilivyofanya na enkoko. Tena ukivuka kwenda Kiganda kipimo cha nk na nt kiache mpakani, kule ndo sauti za kwao.