Ni friji au shawa inayokula tokeni?

"Wadau, niko Mamboleo, Kisumu. Tokeni ya 1,000 inaniisha kwa wiki, uniti 36 hivi. Friji imeandikwa 150W na haizimwi. Nyumbani tuko wanne na shawa ya umeme ni 5,000W. Friji ndiyo inanimaliza?"

Ndugu, mimi ningeishuku shawa kwanza. Uniti moja ni wati 1,000 zikitumika saa nzima. Kwa hiyo unazidisha wati kwa saa, kisha unagawanya kwa 1,000. Watu wanne wakioga dakika kumi kila mmoja ni dakika 40 kwa siku, yaani saa 20 kwa mwezi. 5,000 × 20 ÷ 1,000 ni uniti 100. Kwa risiti yako uniti moja ni kama shilingi 28, basi kuoga tu ni 2,800.

Friji ukiizidishia saa 24 kwa siku 30 utapata uniti 108, lakini hesabu hiyo inadanganya. Kompresa huwaka na kuzima. Ikifanya kazi saa 8 kwa jumla kila siku, ni uniti 36 kwa mwezi, karibu shilingi 1,000. Joto la Kisumu huiongezea kazi kuliko Nakuru, na raba ya mlango iliyolegea huzidisha.

Usiniamini bure. Usiku zima kila kitu isipokuwa friji, andika uniti zilizobaki kwenye mita, usome tena baada ya saa 10. Ikila nusu uniti, iko sawa. Ikila uniti moja na zaidi, kompresa haipumziki vya kutosha. Anza na ile raba.