Chakula kilichofungwa ndani ya chupa, miaka 450 kabla ya wakati wake

Swali: "Ninaandika hadithi ambamo uvumbuzi mmoja unatokea karne kadhaa mapema na kubadilisha biashara, vita na maisha ya familia. Nichague uvumbuzi upi ili msomaji asione ni uongo?"

Ndugu yangu, chagua uhifadhi wa chakula kwa kuchemsha ndani ya chupa iliyozibwa. Mfaransa Nicolas Appert alianza kuujaribu katika miaka ya 1790 na akauchapisha mwaka 1810, lakini hakuhitaji kitu chochote ambacho mafundi wa Murano, karibu na Venisi, wasingeweza kukipata mwaka 1350: chupa nene, kizibo cha gome la mwaloni kutoka Iberia, nta, sufuria kubwa na kuni. Hata sababu yenyewe Appert hakuijua. Alidhani hewa ndiyo inayoozesha, na ilibidi Pasteur aje katika miaka ya 1860 kueleza kuwa ni vijidudu. Kwa hiyo fundi wako anaweza kuugundua kwa bahati tu, bila wewe kumpachika sayansi ambayo zama zake hazikuwa nayo.

Mimi nimehifadhi matunda na maharage kwa njia hii kwa miaka mingi, na ningekushauri uyaache mapungufu yake yaongoze hadithi. Chupa ya baridi ukiitumbukiza katika maji yanayochemka hupasuka. Ndiyo maana huwa naipanga ikiwa imefungwa vitambaa, naipasha moto polepole pamoja na maji yake, na bado kila msimu napoteza chache. Katika karne ya 14 hasara hiyo, pamoja na bei ya glasi, ingeyafanya matunda ya chupa kuwa bidhaa ya matajiri kwa muda mrefu. Usiandike, basi, kwamba chumvi iliyoitajirisha Venisi ilikosa wanunuzi, kwa kuwa maskini wangeendelea kutia samaki wao chumvi kama zamani. Andika badala yake kwamba anayemiliki misitu ya mwaloni wa vizibo anaanza kubembelezwa na wafalme.

Kwenye vita, piga hesabu kabla ya kuandika. Tuseme askari 200 wanakula kila mmoja chupa moja ya nusu kilo ya nyama kwa siku. Kwa siku 30 unahitaji chupa 6,000, na ikiwa chupa tupu nayo ina nusu kilo, unabeba tani 6, nusu yake glasi, juu ya mikokoteni inayorukaruka njiani. Hakuna jemadari ambaye angekubali mzigo huo huku mkate mkavu upo. Ngome, lakini, haitembei. Ghala linalojazwa wakati wa mavuno lingemfanya anayezingirwa angoje kwa utulivu huku jeshi la nje likiumwa na njaa na baridi, hivyo vita vyako vitakuwa virefu zaidi na vya kuchosha zaidi.

Sehemu ya familia ndiyo ningeipa kurasa nyingi, kwa sababu hapo kuna kifo. Matunda yenye asidi ni salama yakichemshwa, lakini nyama na maharage yanaweza kubaki na spora, yaani mbegu ngumu za bakteria wa botulizimu wanaotoa sumu ya kuua, ambazo maji yanayochemka hayaziui hata baada ya saa nyingi. Kuziua kunahitaji joto la nyuzi 121 hivi, yaani sufuria ya presha, na hiyo ni kazi ya Denis Papin ya mwaka 1679. Usiwape watu wako, maana utakuwa umeongeza uvumbuzi wa pili. Niliwahi kufungua chupa ya maharage niliyoichemsha saa tatu: kizibo kilikuwa kimeinuka kidogo, maji yametiwa ukungu, na ilitoa mlio kama pumzi. Hiyo nilikuwa na bahati nayo, kwani sumu hii mara nyingine haionyeshi dalili wala harufu.

Sasa fikiria nyumba ya mwaka 1380. Siku moja baada ya mlo, baba anaona vitu viwili viwili, kope zinamlegea, ulimi unakuwa mzito, kisha mikono na kifua vinaishiwa nguvu, wakati hana homa na akili yake ni timamu kabisa. Nani asingesema amelishwa sumu? Na aliyefungua chupa ni mkewe, au mkwe aliyeolewa mwaka jana. Kesi, talaka na uhasama wa koo mbili vinazaliwa hapo bila kuhitaji mwovu yeyote.

Lakini sumu yenyewe, tofauti na spora, huharibika ikichemshwa kwa dakika 10. Nyumba zinazopenda mchuzi wa moto zingepona, na zinazokula nyama ya chupa ikiwa baridi zingezika watu wake. Baada ya vizazi viwili au vitatu bibi angekuwa anasimama jikoni kuhakikisha chupa imemiminwa chunguni na kutokota kabla ya mtoto yeyote kuonja, na akiulizwa sababu angejibu tu kwamba ndivyo mama yake alivyofanya.