Dau la elfu sita kwa faida ya hamsini

Msimu uliopita, siku niliyoshinda, niligundua kosa la kudabo dau la beti kila unapopoteza. Tulikuwa kwenye baraza ya muuza kahawa pale Mwembe Tayari, kikombe mkononi, na mechi ilikuwa imekwisha mabao matatu. Nilikuwa nimepoteza 50, nikaweka 100 nikapoteza, nikaweka 200 nikapoteza, na ile 400 ndiyo iliyoingia. Nikafungua akaunti kuangalia salio. Lilikuwa pungufu shilingi kumi kuliko nilipoanza.

Nilihesabu mara mbili. Hasara ya kwanza hadi ya tatu ni 350. Odi ilikuwa 1.85, kwa hivyo dau la 400 lilileta faida ya 340. Mtindo wa kudabo kila unapopoteza, ambao wengi huuita martingale, umetengenezwa kwa odi ya 2.00, ambapo ushindi mmoja hurudisha hasara yote na kuongeza dau la kwanza. Chini ya 2.00 kila hatua unayoshuka inamega faida hiyo, na kwa 1.85 ukishinda kwenye hatua ya nne umeshaingia hasara. Sisi wengi tunaocheza Over 2.5 na Under 2.5 tunakutana na odi za aina hiyo, maana pande mbili zikiwa na nafasi sawa, kampuni ya beti huziweka zote chini ya 2.00. Hapo ndipo inapopata chakula chake.

Nikajirekebisha, na hapo ndipo nilipoharibikiwa zaidi. Nikaweka lengo la faida ya 50 kila mzunguko, na dau nikalitafuta hivi: hasara zote jumlisha 50, gawanya kwa 0.85. Madau yakawa 59, 128, 279, 607, 1,321, halafu 2,875. Mtaji wangu ulikuwa 6,000, na hayo sita kwa jumla ni 5,269, kwa hivyo niliona nina ngazi ya kutosha. Nani hupoteza mara sita mfululizo?

Mizunguko 28 ilifaulu. Shilingi 1,400 ziliingia kidogo kidogo, na kila jioni nikivuka feri kurudi Likoni nilikuwa na hakika nimepata njia. Kisha zikaja mechi sita za hasara ndani ya siku nne. Mbili kati ya hizo zilikuwa za ligi ambazo sikuwahi kuzitazama, zilizochezwa usiku wa manane. Nilizichagua kwa sababu ngazi ilitaka dau jingine na mechi ninazozijua zilikuwa zimekwisha. Hiyo ni dalili ambayo ningependa mtu aniambie mapema: mtindo huu hauachi uamue ni mechi gani inafaa kuwekewa pesa. Hasara ya jana ndiyo inayoamua, na inaamua kwa dau kubwa zaidi.

Akaunti ilibaki na 2,131. Dau la saba lilitakiwa kuwa 6,258. Nikampigia kaka yangu mkubwa kuomba elfu nne na mia mbili.

"Hiyo elfu sita ikiingia, utapata ngapi juu ya zako?" akauliza.

"Hamsini, kaka."

Akanyamaza. Kisha akasema, "Basi hizo hamsini nitakupa mimi kesho. Lala."

Usiku ule nilichukua kalamu na kuifanya hesabu ambayo ningepaswa kuifanya kabla ya dau la kwanza. Odi ikiwa 1.85 kwa 1.85, kampuni yenyewe inazihesabu pande zote mbili sawa, yaani nusu kwa nusu. Kupoteza mara sita mfululizo basi ni mara moja katika mizunguko 64. Mizunguko 63 inakupa 50 kila mmoja, jumla 3,150. Mmoja unakuondolea 5,269. Unabaki na hasara ya 2,119, na umehangaika miezi.

Nikajaribu tena kwa odi ya haki kabisa, 2.00, kuanzia 50. Ushindi 63 ni 3,150. Hasara ya mara moja, 50 na 100 na 200 na 400 na 800 na 1,600, ni 3,150. Sufuri. Hesabu hiyo ilinigusa kuliko pesa niliyopoteza, kwa maana ilinionyesha kwamba kudabo hakutengenezi shilingi hata moja. Kunazikusanya hasara nyingi ndogo na kuziweka siku moja. Na siku hiyo haiko mbali: katika beti mia moja za nusu kwa nusu, uwezekano wa kukutana mahali fulani na hasara sita mfululizo ni zaidi kidogo ya nusu. Kuongeza mtaji husogeza siku hiyo mbele na kuifanya kubwa zaidi, na hata ukiwa na mtaji mkubwa, kampuni ina kikomo cha dau inalokubali, kwa hivyo ngazi huishia hapo.

Sasa ninavyofanya. Mwanzo wa msimu natenga 6,000 ambazo kodi ya nyumba, chakula na ada ya watoto hazizihitaji, na natumia namba ya simu isiyo na mkopo wowote. Dau langu ni asilimia 2 ya mtaji, yaani 120, liwe la mechi ninayoiamini sana au kidogo. Nikipoteza mara sita mfululizo, nimepoteza 720, na nina 5,280 za kuendelea. Nalipigia hesabu upya mwisho wa mwezi tu: mtaji ukishuka hadi 5,000, dau linakuwa 100. Katikati ya mwezi siligusi, hata nimeshinda mara tano, kwa sababu kuongeza baada ya ushindi ni ugonjwa uleule, ila unakuja ukiwa na furaha.

Kwenye daftari naandika tarehe, mechi, odi, dau na matokeo. Kwa odi ya 1.85 unahitaji kushinda karibu mechi 54 katika 100 ili usipoteze wala kupata. Usijisifu kwa mia ya kwanza, maana mtu anayekisia tu anaweza kufika 57 kwa bahati. Mia tano zinaanza kusema kitu.

Na lazima niseme wazi, kwa sababu watu huuza mipango ya madau kama dawa: dau la 120 halijanifanya mshindi. Kama ninakisia tu, kila shilingi 100 ninazoweka zinarudi 92 na nusu kwa wastani, na kodi ya serikali iko juu ya hapo. Beti nne kwa wiki ni 480, kwa hivyo wiki inanigharimu kama shilingi 36 kabla ya kodi hiyo. Hiyo ndiyo bei ninayoilipa kutazama mechi nikiwa na hamu zaidi, na nimeikubali nikiijua. Mpango wa dau unaamua tu utapoteza kwa kasi gani na kama utabaki na pesa ya kesho.

Kama leo uko kwenye hatua ya nne au ya tano ya ngazi, dau linalofuata si lazima uliweke. Andika ulichopoteza kwenye mstari mmoja wa daftari, uondoe kilichobaki kwenye akaunti, na wiki ijayo uhesabu asilimia 2 ya hicho kilichobaki. Mimi nilianzia 2,131, kwa dau la 40.