Mwalimu wa Hadubini: Fuata Mstari

Shikamoo mwalimu. Fotokopi yetu ya seli za kitunguu imeandikwa ×200, na chini ina mstari wa mikromita 100. Kwa rula, mstari una milimita 15 na seli ina 42. Nikitumia ×200 napata jibu moja, nikitumia mstari napata lingine. Nifuate lipi? (Mwanafunzi, Langoni)

Marahaba. Fuata mstari. Mashine ya fotokopi ikipunguza picha, mstari hupungua pamoja na seli, lakini ×200 hubaki ilivyoandikwa, na hapo si kweli tena. Gawanya 42 kwa 15, utapata 2.8, zidisha kwa 100, seli ina mikromita 280. Kwa ×200 ungepata 210, yaani ungeipunja seli robo ya urefu wake.

Fotokopi iliyopunguzwa hujifichua yenyewe. Milimita 15 ni mikromita 15,000. Gawanya kwa 100 zilizoandikwa kwenye mstari, ukuzaji unakuwa ×150. Haulingani na ×200, basi picha imeguswa.

Mstari wenyewe upime kwa makini kuliko seli, ukianzia kwenye alama ya sifuri, si kwenye ukingo wa rula. Ukiusoma 14.5 badala ya 15, jibu hupanda hadi karibu 290. Kwa hiyo mimi ningeandika "kama mikromita 280", nisidai zaidi ya hapo.

Mimi nimegawanya 42 kwa 150, nikaandika mikromita 0.28. Mbona nimekosa? (Shela)

Hesabu ni sawa, kipimo ndicho kilichopotea. Ulipima kwa milimita, kwa hiyo jibu ni milimita 0.28. Zidisha kwa 1,000. Seli ya mikromita 0.28 ingekuwa ndogo kuliko bakteria wengi, nawe uliiona wazi pamoja na kiini chake.

Nimepiga picha kwa simu kupitia hadubini ya shule, lenzi ya jicho ×10 na ya chini ×40. Niandike ×400 chini ya picha? (Mkomani)

Usiandike. Hiyo ×400 ni ya jicho lako pale kwenye hadubini. Picha ikiingia kwenye simu, kisha ikachapishwa kubwa au ndogo, ukuzaji hubadilika kila mara.

Chora mstari wako. Weka rula ya plastiki inayopitisha mwanga chini ya lenzi ya ×4 na uipige picha, kisha upige seli kwa lenzi hiyo hiyo, bila kugusa zumu ya simu. Chapisha picha zote mbili kwa ukubwa mmoja. Alama za rula zitaonekana nene kama mbao, hivyo pima kutoka katikati ya moja hadi katikati ya inayofuata. Ikiwa umbali huo, ambao kwenye rula ni milimita moja, ni milimita 30 kwenye karatasi, mstari wa milimita 3 ni mikromita 100. Huo ni mfupi mno kuupima vizuri. Chora wa milimita 15, uandike 500.