Funguo ya gari imeibiwa, bima inalipa?

"Wakuu nimeibiwa pochi na funguo ya gari ilikuwemo, nina bima kubwa, watanilipia?"

Mkuu, bima kubwa inalipa gari likiibiwa, funguo yenyewe mara nyingi haimo mpaka uwe umeongezea kipengele cha funguo na vitasa, na hicho nacho kina kikomo. Tuseme funguo mpya na kuprogramu ni laki 4, ekses, yaani ile unayobeba mwenyewe, laki 2, unaambulia laki 2 tu. Leo leo chukua RB polisi uwape watu wa bima taarifa, ukikaa kimya halafu mwizi arudi na funguo yako watakukazia. Fundi afute funguo ya zamani kwenye immobilaiza isiwashe gari tena, mpelekee na ile ya akiba. Ila chuma ya hiyo funguo iliyoibiwa bado inafungua mlango, so silinda ya kitasa nayo badilisha.